Bei ya Gramu ya Dhahabu: Kwa Nini Ya Jana Si Ya Leo, Wala Ya Geita Si Ya Mwanza



Naomba nianze na ugomvi wa familia moja. Mama mmoja, mchimbaji mdogo katika Mkoa wa Geita, alikuwa na gramu 20 za dhahabu aliyoipata kwa jasho lake. Mwishoni mwa Septemba 2024 aliulizia bei sokoni, akaambiwa kwamba baada ya makato yote angepata shilingi 188,500 kwa gramu. Hakuuza. Aliifunga dhahabu yake kitambaani, akasema itamlipia ada za watoto shule zitakapofunguliwa Januari. Mwishoni mwa Desemba alimtuma shemeji yake aende kuiuza. Shemeji alirudi na shilingi 3,300,000, yaani shilingi 165,000 kwa gramu. Mama alikuwa akitarajia shilingi 3,770,000. Kasoro ilikuwa shilingi 470,000.

Alichofanya mama ni kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alimuuliza kijana mmoja mwenye simu kama bei ya dhahabu duniani imeshuka. Kijana akatazama, akamjibu kwamba bei ni ile ile kama ya Septemba. Kuanzia hapo shemeji akawa mwizi, na wazee wakaitwa.

Swali lililowekwa mbele ya wazee ndilo swali la mazungumzo yetu ya leo. Inawezekanaje bei ya dunia isibadilike, mizani iwe sahihi, mnunuzi awe mwaminifu, na bado gramu ipoteze zaidi ya shilingi 20,000? Tukilijibu hilo, tutakuwa tumejibu pia kwa nini bei ya mji mmoja si bei ya mji wa pili.

Bei ya gramu moja ya dhahabu hapa nchini haizaliwi kaunta ya mnunuzi. Ni zao la hesabu yenye namba nne: bei ya dunia, kiwango cha kubadilishia fedha, usafi wa dhahabu, na makato. Mnunuzi hutangaza jibu tu. Muuzaji anayelijua jibu bila kuzijua namba zilizolizaa hana namna ya kutambua kama ameonewa au hakuonewa.

Tuanze na namba ya kwanza. Dhahabu duniani hutajwa kwa dola za Marekani kwa wakia moja. Wakia hii si ile ya kupimia vyakula, yenye gramu 28 na ushee. Wakia ya madini ya thamani ina gramu 31.1035. Bei inayotumiwa na wengi kama kipimo hupangwa London mara mbili kila siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za huko. Kwetu huwa ni mchana, saa 6:30 au saa 7:30 kufuatana na majira yao, na tena jioni, saa 11:00 au saa 12:00. Kwa hiyo bei inayobandikwa ubaoni asubuhi katika soko la madini haina budi kuegemea bei za siku iliyotangulia. Anayeuza asubuhi na anayeuza jioni huenda wasilipwe sawa, na hakuna aliyedanganywa.

Zaidi ya hayo, siku za Jumamosi na Jumapili London haipangi bei. Mnunuzi anayepokea dhahabu Jumamosi anatumia bei ya Ijumaa bila kujua Jumatatu itaamka vipi. Ili kujikinga, huenda akapunguza kidogo bei anayotoa. Usipokuwa na haraka ya fedha, kuuza siku ya kazi kunakuondolea tahadhari hiyo ya mnunuzi, ambayo mlipaji wake ni wewe.

Sasa twende kwenye namba ya pili, ambayo ndiyo iliyovuruga familia ile. Mchimbaji wa Geita anauza kwa shilingi, lakini dhahabu yake, ikishavuka mipaka, inalipwa kwa dola. Mahali fulani katikati ya safari hiyo, dola hugeuzwa kuwa shilingi. Kiwango cha kugeuza ndicho kinachoamua gramu ina shilingi ngapi.

Mwishoni mwa Septemba 2024 wakia moja ilikuwa karibu dola 2,630. Ukigawanya kwa 31.1035 unapata dola 84.56 kwa gramu ya dhahabu safi. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,720. Zidisha, utapata kama shilingi 230,000 kwa gramu safi.

Mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo wakia ilikuwa karibu dola 2,610. Kijana mwenye simu hakusema uongo, maana tofauti ilikuwa dola 20 tu. Gramu safi ilikuwa dola 83.91. Lakini katika miezi ile mitatu shilingi yetu ilikuwa imepanda nguvu sana, na dola moja ikawa karibu shilingi 2,400. Zidisha tena, utapata kama shilingi 201,400. Gramu safi ilikuwa imepoteza shilingi 28,600.

Tuipasue hasara hiyo tuone sehemu zake. Kama dola ingebaki shilingi 2,720, ule upungufu mdogo wa bei ya dunia ungeondoa kama shilingi 1,750 tu kwa gramu. Zilizosalia, takriban shilingi 26,850, zilitokana na kupanda kwa shilingi. Habari iliyopokewa redioni kama habari njema, kwamba shilingi imeimarika, ilikuwa njema kweli kwa mwagizaji wa mafuta na mwenye deni la dola. Kwa aliyefunga dhahabu kitambaani ilikuwa hasara, kwa sababu bila kujua alikuwa ameweka akiba yake katika dola.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: shilingi ikishuka, gramu hupanda hata kama dunia imetulia, na shilingi ikipanda, gramu hushuka hata kama dunia imetulia. Namba hizo mbili zikielekea upande mmoja, bei hukimbia. Zikivutana, bei husimama, na mtu huona kama hakuna kilichotokea kumbe yametokea mengi. Anayefuata bei ya dunia peke yake anatazama nusu ya hesabu.

Tena tusidhani kwamba kiwango cha kubadilishia fedha ni kimoja. Benki Kuu hutangaza kiwango cha wastani kila siku ya kazi. Benki za biashara hununua dola kwa bei iliyo chini kidogo ya wastani huo na kuiuza kwa bei iliyo juu kidogo. Mnunuzi wa dhahabu anayefanya hesabu kwa kiwango cha benki cha kununulia atakuwa chini ya yule anayetumia wastani. Tofauti ya asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini katika gramu yenye thamani ya shilingi 230,000 ni shilingi 2,300. Kwa hiyo usiulize tu, “Bei leo shilingi ngapi?” Uliza pia, “Dola umeiweka kwa shilingi ngapi?”

Huenda pia bei ikawa juu kuliko hesabu inavyoonyesha. Mwaka 2023 na 2024 nchi yetu ilipita katika kipindi cha uhaba wa dola. Katika hali kama hiyo, mfanyabiashara anayeuza dhahabu nje hupata kitu kinachotafutwa na wengi, na huenda akakubali kulipa shilingi nyingi zaidi kwa gramu ili aipate dola hiyo. Uhaba ukiisha, nyongeza hiyo nayo hutoweka. Ukipewa bei inayozidi hesabu, basi, ujue kuna sababu; na sababu nyingine si njema, kwani anayekwepa kodi naye anaweza kutoa bei tamu kuliko wenzake, akakuachia wewe mkono wa sheria.

Namba ya tatu ni usafi. Dhahabu inayotoka kwa wachimbaji wadogo haiwi safi kabisa. Ndani yake mna fedha, yaani ile metali nyeupe, na pengine shaba kidogo. Usafi hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba. Dhahabu ya mama yule ilipimwa ikaonekana kuwa na asilimia 90. Kwa hiyo Septemba gramu yake haikuwa na thamani ya shilingi 230,000 bali 207,000, na Desemba haikuwa 201,400 bali kama 181,300.

Hapa ndipo ilipojificha sehemu kubwa ya tofauti kati ya miji. Tuseme siku moja mtu wa Geita anaambiwa kwa simu kwamba Mwanza wanalipa shilingi 192,000, wakati Geita amepewa shilingi 185,000. Moyo unamtuma apande gari. Lakini akiuliza vizuri atakuta kwamba bei ya Mwanza ilikuwa ya dhahabu ya asilimia 92, na yake ni ya asilimia 88. Agawanye kila bei kwa usafi wake. Shilingi 192,000 ukigawanya kwa 0.92 ni kama shilingi 208,700 kwa gramu safi. Shilingi 185,000 ukigawanya kwa 0.88 ni kama shilingi 210,200. Geita ndiko walikolipa zaidi! Bei za miji miwili hazilinganishwi mpaka zote zirudishwe kwenye gramu safi, siku ile ile na saa ile ile.

Baada ya kufanya hivyo, tofauti ndogo ya kweli hubaki. Mnunuzi wa mji wa mbali ana gharama za kuyeyusha, kusafirisha, ulinzi na bima, na fedha zake zimefungwa siku kadhaa kabla hajalipwa. Mahali penye wanunuzi wengi wanaogombea mzigo, faida yao hubanwa. Mahali penye mnunuzi mmoja, hakuna wa kumbana. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na mengine kufuata katika mikoa mingi, wanunuzi wengi hukaa chini ya paa moja, nayo bei elekezi ya Tume ya Madini hutolewa kama kipimo. Tofauti ya haki kati ya miji miwili haiwezi kuzidi sana gharama ya kupeleka dhahabu kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa sababu ikizidi, wafanyabiashara wataihamisha mpaka bei zikaribiane. Ukikuta tofauti kubwa kuliko hiyo, usiitafute sababu barabarani. Itafute kwenye mizani na kwenye kipimo cha usafi.

Kipimo hicho nacho tukitazame kidogo. Njia mojawapo inayotumika ni ya kupima kwa maji: dhahabu hupimwa ikiwa kavu, kisha hupimwa ikiwa imening'inizwa ndani ya maji, na uzito unaopungua huonyesha usafi. Gramu 20 za dhahabu safi zikiwa majini hupungua kama gramu 1.04. Gramu 20 za dhahabu ya asilimia 90, sehemu iliyobaki ikiwa fedha, hupungua kama gramu 1.12. Asilimia 10 nzima ya usafi imo ndani ya tofauti ya gramu 0.08! Mizani ikikosea gramu 0.02 tu, usafi unasomeka kama asilimia 88 badala ya 90. Kwa mama yule, kosa hilo lingemgharimu kama shilingi 75,000 kwa bei za Desemba.

Kwa sababu hiyo, mizani inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu haifai kwa kazi hii. Hakikisha mizani ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, inasoma sifuri kabla ya kupima, na haipo mbele ya feni. Kipande chenye povu la hewa au mashimo ndani, na kile chenye shaba nyingi, hudanganya kipimo cha maji. Kiyeyushwe upya, au kipimwe kwa mashine inayosoma madini kwa miale. Mashine hiyo nayo husoma uso tu wa kipande, kwa hiyo isomwe pande zaidi ya moja.

Namba ya nne ni makato. Kwa sheria ya madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi ni asilimia 1 ya thamani. Mwaka 2024 halmashauri nayo ilitoza ushuru wa huduma wa asilimia 0.3. Jumla ya hayo matatu ilikuwa asilimia 7.3. Kwa dhahabu inayouzwa katika viwanda vya kusafishia vya hapa nchini, sheria imeweka viwango pungufu. Hivyo uliza viwango vinavyokuhusu siku ile, nawe upewe stakabadhi inayoonyesha kila kato peke yake.

Sasa turudi barazani kwa wazee, tukamalize shauri. Septemba, gramu ya mama ilikuwa na thamani ya shilingi 207,000. Ondoa asilimia 7.3, zinabaki kama shilingi 191,900. Aliahidiwa 188,500, kwa hiyo mnunuzi alijiwekea shilingi 3,400. Desemba, thamani ilikuwa kama shilingi 181,300. Ondoa asilimia 7.3, zinabaki kama shilingi 168,000. Shemeji alipewa 165,000, kwa hiyo mnunuzi alibaki na shilingi 3,000. Katika nyakati zote mbili sehemu ya mnunuzi ilikuwa karibu asilimia 1.8. Hakuongeza faida, na shemeji hakugusa senti. Zile shilingi 470,000 zilikuwa zimeondoka zenyewe, karibu zote kwa mlango wa kubadilishia fedha.

Wazee walihitaji karatasi moja tu kulifikia jambo hilo, na karatasi hiyo haikuwapo. Shemeji alirudi na fedha bila stakabadhi. Angekuwa nayo, ikiwa imeandikwa tarehe, uzito, usafi, bei ya dunia, kiwango cha dola na makato, asingeitwa mwizi hata kwa siku moja.

Angalieni pia ni kipi kilichokuwa wazi kwa majadiliano na kipi hakikuwa. Bei ya dunia, kiwango cha dola na mrabaha, muuzaji hawezi kubishana navyo. Sehemu ya mnunuzi inabishaniwa. Usafi na uzito havibishaniwi, bali vinapimwa tena mbele ya macho yako, hata kwa mnunuzi wa pili. Nguvu zako zielekeze huko.

Wanaonunua vito wanaweza kuitumia hesabu hii hii kwa kuigeuza. Pete ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na bangili ya karati 21 ina asilimia 87.5. Bei ya gramu safi ikiwa shilingi 230,000, dhahabu iliyomo katika gramu ya karati 18 ni shilingi 172,500. Kinachozidi hapo ni ujira wa sonara, kodi na faida ya duka. Mwombe muuzaji akutenganishie bei ya dhahabu na ujira, maana siku ukirudi kuiuza, ujira haurudi.

Nitaulizwa, je, mama angefanya nini? Hakuna anayeijua bei ya kesho, nami siijui. Waliosubiri hadi Desemba 2024 walipoteza. Waliosubiri zaidi waliiona wakia ikivuka dola 3,000 Machi 2025 na dola 4,000 Oktoba mwaka huo. Lakini ada ya shule ina tarehe, na inalipwa kwa shilingi. Kiasi cha dhahabu kinachotosha matumizi yenye tarehe kiuzwe mapema, au kiuzwe kwa mafungu, ili siku moja mbaya isiamue kila kitu. Kinachobaki ndicho kiwekwe akiba, na mwenyewe ajue kwamba akiba hiyo inasukumwa na mawimbi mawili, la bei ya dunia na la fedha yetu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila unapouza au kununua, andika zile namba nne na tarehe yake, hata nyuma ya daftari la mtoto. Ukiona bei imebadilika, linganisha namba moja moja na za mara ya mwisho, nawe utaona ni ipi iliyosogea. Kama ni bei ya dunia au dola, hakuna wa kumlaumu. Kama ni usafi au uzito, omba kipimo kirudiwe kabla hujapokea fedha, na usiporidhika, peleka lalamiko kwa ofisa madini wa soko au kwa Wakala wa Vipimo ukiwa na stakabadhi mkononi.